Logo yako ina meno ya msumeno pembeni? Angalia pikseli za ukingoni

Juzi kijana mmoja katuletea kwenye kitengo chetu cha grafiki logo ya timu ya mtaani kwao, duara la bluu iliyokoza lenye upana wa pikseli 400, kashatoa bakgraundi nyeupe na kaliweka kwenye bango la kijani. Rangi safi, maandishi safi, lakini duara zima lina ngazi ngazi pembeni kama limeng'atwa na panya. Yeye alidhani logo ni ndogo. Saizi haikuwa shida, shida ni namna alivyoikata.

Iko hivi: picha ya kompyuta ni vigae vidogo vya mraba, na mstari wa duara haufuati mipaka ya vigae, unapita katikati yake. Ukikata kwa zana ya kuchagua rangi huku antialiezing imezimwa, programu inajua majibu mawili tu, kigae kibaki chote au kiondoke chote, na hapo ndipo ngazi zinapozaliwa. Ukiiwasha inakuwa na majibu ya katikati. Uwazi wa kila pikseli unahifadhiwa kwa namba kuanzia 0, yaani wazi kabisa, mpaka 255, yaani haipenyi kitu, kwa hiyo kigae ambacho duara limekifunika asilimia 40 kinapewa 102, yaani kijani cha bango kinapenya kwa asilimia 60, na jicho likiwa mbali kidogo linaona mstari laini.

Kwenye GIMP tiki ya `Antialiasing` iko kwenye mipangilio ya `Fuzzy Select`, kwenye Photoshop inaitwa `Anti-alias` na iko juu ukishachukua `Magic Wand`. Weka tiki KABLA ya kubofya, maana ukishachagua, kuiweka baadaye hakubadilishi kitu, inabidi uchague upya. Na usiichanganye na `Feather`, hiyo inatawanya ukingo kwa upana unaoutaja wewe, ukiandika pikseli 10 logo inazungukwa na ukungu.

Sasa yule kijana picha ya mwanzo alishaifuta, kabaki na hiyo iliyokatwa vibaya, tukaiokoa hivi kwenye GIMP. Tulienda `Layer > Mask > Add Layer Masks`, tukachagua `Transfer layer's alpha channel`, uwazi wote ukahamia kwenye maski, yaani safu ya kijivu inayoamua kila pikseli ionekane kiasi gani, picha yenyewe haiguswi. Maski ikiwa ndiyo imechaguliwa tukapitisha `Gaussian Blur` ya 1.5, meno yakayeyuka ila ukingo ukawa na ukungu. Kisha `Colors > Levels`, kwenye namba za juu za kuingiza tukaweka 128 kushoto na 215 kulia, ukungu ukabanwa ukabaki ukanda mwembamba wa pikseli moja na kitu hivi.

Hiyo 128 ina sababu yake. Baada ya kufifisha, ukingo wa zamani unakaa karibu na nusu ya 255, kwa hiyo ukikata kuanzia hapo kila kilichokuwa nje ya ukingo kinabaki nje na unakula kidogo kwa ndani. Ndani pale ndipo palipokuwa na pikseli zilizochanganyika bluu na weupe wa bakgraundi ya zamani, zile zinazoacha mstari mweupe kuzunguka logo ukiiweka juu ya rangi nzito. Ukiona huo mstari bado, sogeza 128 ifike 150 na 215 ifike 235 hivi, utauona unapungua.

Njia hii ina mwisho wake. Ncha kali za nyota na herufi nyembamba zitakuwa butu, na kama logo ilishakuzwa ikawa kubwa mara tatu baada ya kukatwa, kila ngazi ina pikseli tatu, kufifisha kwa 1.5 hakutoshi na ukiongeza unaharibu umbo. Hapo tafuta faili kubwa ya mwanzo, au ichore upya kwa mistari kwenye Inkscape.

Ukimaliza hifadhi kwa PNG ya kawaida. GIF haina uwazi wa katikati, pikseli ipo au haipo, kwa hiyo kazi yote uliyofanya inarudi kuwa ngazi. Halafu kagua kwa zum ya asilimia 100 juu ya rangi yenyewe ya bango, maana kwenye asilimia 800 hata mkato mzuri unaonekana vigae vitupu na watu wengi wanaendelea kufifisha kitu ambacho kilishakaa sawa.

Kama logo inaenda kwenye tisheti za DTF, yaani inachapwa kwenye filamu kwanza kisha inabandikwa kwenye kitambaa, geuza haya yote. Mashine inaweka wino mweupe chini ya rangi, na pikseli za nusu uwazi zinaacha vidoa vyeupe pembeni. Huko mpe fundi ukingo mkali usio na uwazi wa katikati, kwa 300 DPI katika saizi halisi ya kuchapa, kila ngazi inakuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita na kwenye kitambaa haionekani.