Mbio zako za kwanza za kilomita 50: yanayosemwa kuhusu vituo vya maji, na ukweli wake

Dhana: Joto la Malindi ni kali, kwa hiyo kunywa maji mengi kila kituo, hata bila kiu.

Ukweli: Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Ukinywa zaidi kuliko unavyotoa jasho, chumvi ya damu huzimuliwa na ubongo unaweza kuvimba. Binamu yangu alikimbia kutoka Malindi hadi Gede na kurudi, kilomita 32, kwa saa nne. Tulimwekea maji kila kilomita nne, vituo saba, naye akanywa mililita 600 kila kimoja. Alianza na kilo 58, akarudi na 59. Pete ilimbana, kichwa kikamgonga, kichefuchefu kikaanza. Sisi tukadhani ni upungufu wa maji, tukamletea dafu! Mkimbiaji anayerudi mzito kuliko alivyoondoka hana upungufu wa maji.

Wiki iliyofuata alijipima kabla na baada ya saa moja ya kukimbia bila kunywa: 58, kisha 57.2. Jasho lake basi ni kama mililita 800 kwa saa, yaani lita 3.2 kwa saa nne. Yeye alikuwa amekunywa 4.2. Sasa hunywa kwa kiu, na ile 800 ni mpaka asiouvuka. Nawe jipime kwa joto la siku ya mbio, maana jasho la kila mtu ni lake.

Dhana: Ukila chumvi, unaweza kunywa upendavyo.

Ukweli: Hapana. Chumvi ya vituoni ni kidogo mno mbele ya lita za ziada. Mtu akianza kutapika au kuongea mambo yasiyoeleweka, msimpe maji. Mpelekeni hospitali, mkaeleze alikunywa kiasi gani.

Dhana: Dakika za kituoni utazifidia njiani.

Ukweli: Tuseme mwendo wako ni dakika 7 kwa kilomita. Ukikaa dakika sita katika kila kimoja cha vituo vitano, nusu saa imekwenda. Kuirudisha katika kilomita 50 kunataka sekunde 36 kila kilomita, yaani ukimbie kwa 6:24. Kwa unyevu wa pwani, ambako jasho linadondoka badala ya kukauka na kukupoza, mwendo huo utakuangusha. Amua kabla hujafika: jaza chupa, chukua tende au ndizi, kisha ondoka ukitembea dakika mbili huku ukitafuna. Kula mapema, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha wengi, na ndizi moja ina kama 27.

Dhana: Kimbia kasi alfajiri, kabla jua halijapanda.

Ukweli: Ubaridi wa saa kumi na moja unadanganya miguu. Ukifika Gede, kilomita ya 16, nawe huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, umeshakwenda kasi mno. Tembea mpaka pumzi itulie, hata kama wengine wanakupita.