Shati la Kitenge Linapogoma Kumtoka Mtu: Kupima Modeli ya Sura Iliyokariri

Mteja mmoja hapa Kisumu aliniletea faili ya LoRA ya sura yake, yaani faili ndogo inayoongezwa kwenye modeli ya kutengeneza picha ili imjue mtu huyo, iliyofunzwa kwingine kwa picha 15. Karibu zote zilipigwa siku moja ufuoni Dunga, akiwa na shati lile lile la kitenge cha manjano, mitumbwi nyuma yake. Alitaka picha ya suti. Koti lilikuja, ila kola ya manjano ilichungulia chini yake, na nje ya dirisha la ofisi mitumbwi ikawa imejipanga.

Wengi husema tu kwamba modeli imefunzwa kupita kiasi. Huenda ni hivyo, lakini kasoro nyingine hufanana sana na hiyo. Mafunzo hufunga neno maalumu la kumwita mtu huyo, hapa `otx7`, na kile kinachojirudia kwenye picha. Shati likiwa katika kila picha, na maelezo ya picha hayalitaji, modeli haina namna ya kujua kwamba shati si sehemu ya mtu.

Ili kutofautisha, mimi hutumia mbegu ile ile, yaani namba inayoamua picha inaanzia wapi, kwa mistari hii ya maagizo, iliyo kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho modeli ilichofunzwa nacho:

```
photo of otx7 man
photo of otx7 man, zipped raincoat, snowy street
photo of man, zipped raincoat, snowy street
```

Shati likitokea kwenye mstari wa kwanza, bado sihukumu, kwani hakuna nguo iliyoagizwa. Hukumu iko kwenye wa pili. Suti ni kipimo hafifu, maana huacha nafasi ya shati. Koti la mvua lililofungwa zipu haliachi. Wa tatu hauna neno maalumu, kwa hiyo kitenge kikijitokeza hapo, uharibifu umeenea hadi kwenye neno `man` lenyewe.

Kisha naupitisha mstari wa pili kwenye kila faili iliyohifadhiwa mafunzo yakiendelea. Kama koti la mvua linamkaa vizuri hatua ya 800, halafu kufikia 1200 kitenge kinarudi pamoja na mwinamo ule ule wa kichwa na mwanga ule ule, hatua zilizidi. Tumia faili ya 800. Ya mteja huyu haikuwa hivyo. Hatua ya 400 sura haikuwa yake bado, lakini shati lilikuwa limeshakamilika hadi vifungo. Kupunguza hatua kusingesaidia kitu. Nguvu ya LoRA nilipoishusha kutoka 1 hadi 0.6, shati lilififia, na uso nao ukafifia.

Grafu ya makosa ya mafunzo msiitegemee hapa. Kiasi cha kelele, yaani chengachenga ambazo modeli hujifunza kuziondoa, kinachotiwa kwenye picha hubadilika kila hatua, kwa hiyo mstari wa grafu huruka juu na chini hata mambo yakiwa shwari.

Nilimwambia alete picha za siku nyingine, nguo nyingine, ndani na nje. Za Dunga tulibakiza mbili tu, na kwenye maelezo yake nikaandika shati la manjano na mitumbwi, ili viwe na maneno yao wenyewe ya kushikamana nayo.