Kiatu cha kupandia miamba: kwa nini hubana, na namba yake hulinganishwaje na ya kiatu cha kutembelea?

"Kila siku navaa namba 42. Nikijaribu viatu vya kupandia miamba naambiwa nishuke hadi 40, hata 39, na vidole vinabanwa. Hivi ni sawa kweli? Na nitajuaje nishuke namba ngapi?"

Ni sawa, na sehemu kubwa ya namba unazoshuka ni nafasi tupu ambayo mguu wako hauijazi hata leo. Ili kuiona, anza na jinsi namba zenyewe zinavyohesabiwa.

Viatu hushonwa juu ya foroma, yaani umbo la mguu ambalo fundi huvutia ngozi juu yake. Katika namba za Ulaya, kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7, na kinachopimwa ni urefu wa foroma, si wa mguu. Foroma ya namba 42 basi ina sentimita 28. Sasa chukua mtu ambaye mguu wake, kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, una sentimita 26. Akivaa 42 anabaki na sentimita 2 za ziada. Nafasi hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Tunapotembea, mguu hurefuka kidogo kila tunapoukanyagia na husogea mbele tunaposhuka mteremko, na kama vidole havina pa kwenda vitagonga ukuta wa kiatu siku nzima.

Mtu huyohuyo akishuka hadi 40, foroma kwa hesabu ina sentimita 26.7. Akishuka hadi 39 ina 26 kamili, sawa na mguu wake. Kwa hiyo kushuka namba tatu, jambo linalowatisha wengi, kwa hesabu hii kumeondoa ile nafasi ya mbele tu na hakujakunja kidole hata kimoja. Watengenezaji hawaifuati hesabu hii kwa ukamilifu, kwa hiyo usinunue kiatu kwa kuitegemea. Ila inaonyesha vizuri ukubwa wa jambo lenyewe.

Ukutani, nafasi hiyo huleta madhara. Mkwea miamba husimama kwa ncha ya kiatu, mara nyingi chini ya kidole gumba, juu ya ukingo ambao huenda una upana wa milimita 10 au chini ya hapo. Ikiwa mbele ya kidole kuna sentimita moja tupu, kilichokaa juu ya ukingo ni raba na ngozi tu, na mfupa uko nyuma yake, hewani. Uzito ukishuka, ncha ya kiatu hukunjika kwenda juu, kisigino hudondoka, na raba hujichuna kutoka kwenye ukingo. Misuli ya shavu la mguu hujaribu kufidia na huchoka upesi. Mguu pia huzunguka ndani ya kiatu: unageuza kifundo cha mguu upate pembe nzuri, lakini soli inabaki ilipokuwa. Ukitaka kuhakikisha, simama kwa ncha juu ya kishikio kidogo huku ukitazama mstari unaotenganisha soli na ngozi. Mguu ukisogea na mstari ule ukabaki, kiatu ni kikubwa.

Kukunja vidole kidogo nako kuna sababu yake. Kidole kilichonyooka kabisa, kikisukumwa kutoka chini, hulegea kwenye viungo na kuinuka. Kilichopinda kidogo huwa tayari kimejikaza, na msukumo wake unaelekea chini, kwenye mwamba. Watengenezaji huongeza nguvu hiyo kwa ukanda wa raba uliovutwa kuzunguka kisigino, ambao huusukuma mguu mzima mbele. Ndiyo maana kisigino kilicholegea ni kasoro kubwa kuliko wengi wanavyodhani: ukanda ule ukikosa cha kushika, vidole navyo hukosa msukumo, na unaponasa kishikio kwa kisigino kiatu hutaka kuchomoka.

Kubana, hata hivyo, kuna namna mbili, na lazima uzitofautishe. Kubana kwema kumesambaa. Unahisi mguu wote umeshikwa, vidole vyote vimegusa mbele, na hakuna mahali pamoja panapolalamika kuliko pengine. Kubana kubaya kuna anwani: kifundo cha kidole kimoja kinachochomwa na paa la kiatu, mfupa wa pembeni chini ya kidole gumba unaowaka moto, au ukingo wa nyuma unaokata kano ya kisigino. Kufa ganzi, au vidole kubaki vyeupe au vya bluu muda mrefu baada ya kuvua, ni dalili ya kurudisha kiatu dukani. Anayevumilia maumivu ya mahali pamoja kwa miezi hujiletea kucha nyeusi, sugu juu ya vifundo, na huenda akazidisha ule uvimbe wa mfupa unaokipeleka kidole gumba upande wa wenzake.

Sasa kulinganisha. Kosa la kwanza huwa katika namba unayoanzia. Viatu vya mbio mara nyingi hununuliwa vikubwa kuliko vya ofisini, kwa hiyo watu wawili wanaosema "navaa 42" huenda wakapishana namba nzima. Pima mguu wenyewe. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake na kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, kisha mtu mwingine atie alama mbele ya kidole kirefu, kalamu ikiwa wima. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, alasiri au jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Miguu kutofautiana kwa milimita kadhaa ni kawaida. Chagua kiatu kwa kufuata ule mkubwa, na ule mdogo uuchunguze kisigino.

Kosa la pili ni kuchukua ushauri wa "shuka namba mbili" bila kuuliza ni namba za wapi. Namba mbili za Ulaya ni milimita 13. Namba mbili za Uingereza, ambazo kila moja ni theluthi ya inchi, ni milimita 17, na zile za Marekani zina hatua hiyohiyo. Tofauti ya milimita 4 kwenye kiatu hiki inatosha kutenganisha kinachovalika na kisichovalika. Majedwali ya kubadilisha namba nayo hupishana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo soma namba ya Ulaya iliyochapwa kwenye kiatu chenyewe badala ya kuikokotoa.

Baada ya hapo kuna kampuni yenyewe. Wengi wanaovaa La Sportiva hushuka namba zaidi kuliko wanavyoshuka wakivaa Scarpa, na kampuni nyingine hupanga namba zao zifanane kabisa na za viatu vya kutembelea, ukashuka nusu tu au usishuke. Hata ndani ya kampuni moja, kiatu kilichonyooka na kile kilichopinda kuelekea chini kama kucha ya ndege haviwezi kulinganishwa kwa namba. Kwa kukadiria, anayeanza na kiatu kilichonyooka huishia kati ya namba yake ya kawaida na namba moja na nusu ya Ulaya chini yake, vidole vikigusa mbele lakini vimelala. Wa kiatu cha kati hushuka moja hadi mbili. Viatu vilivyopinda kwa ajili ya kuta zinazoinamia mbele huteremshwa mbili au zaidi. Anayeanza hana sababu ya kufika huko. Vishikio vya miguu kwenye njia rahisi ni vikubwa, na maumivu humfanya akwepe kuikanyagia miguu yake barabara, wakati ndicho hasa anachopaswa kujifunza.

Turudi kwa mwenye mguu wa sentimita 26, namba 42, anayetaka kiatu cha kati cha ngozi. Aombe 41, 40 na 39.5, avivae bila soksi, kucha zikiwa zimekatwa. Cha 41 kinaingia kwa urahisi, vidole vimegusa kidogo, lakini akisimama kwa ncha kisigino kinainuka ndani. Cha 40 kinahitaji kuvutwa kwa vitanzi viwili vya nyuma. Vidole vimepinda kidogo, kisigino kimejaa, chini ya upinde wa unyayo hakuna uwazi, na baada ya dakika tano bado anaweza kukaa nacho. Cha 39.5 kinamchoma kifundo cha kidole cha pili. Atachukua 40, ila kabla ya hapo aulize kuhusu bitana.

Ngozi isiyo na bitana hutanuka, na huenda ikaongeza karibu namba nzima ya Ulaya. Yenye bitana hutanuka kama nusu, na vitambaa vya viwandani hutanuka kidogo sana. Hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa sababu ukanda wa raba unaozunguka kiatu unazuia urefu. Hapa ndipo wengi huumizwa na matumaini. Kiatu kinachobana ubavuni kitalegea. Kinachokunja vidole kupita kiasi kwa sababu ni kifupi kitabaki kifupi. Kama 40 ile ya ngozi haina bitana na tayari inakaa kwa starehe kabisa dukani, baada ya wiki chache itakuwa kubwa. Hapo nusu namba chini ina maana, mradi maumivu yasiwe ya kifundo kimoja.

Kuvaa kiatu kipya kunakogoma hurahisishwa na mfuko mwembamba wa plastiki uliovikwa mguuni, ukachomolewa baada ya kuingia. Kivae dakika kumi hivi kwa mara, na ukivue kila unapomaliza njia, maana hata waliozoea hawakai nacho chini wakisubiri zamu. Wanaopanda miamba mirefu na kubaki ukutani saa nyingi huchukua kiatu kikubwa kwa nusu hadi namba moja kuliko kile cha njia fupi, kwa kuwa mguu huvimba huko juu na hakuna pa kukivulia.

Ukishakuwa na jozi moja inayokukaa vizuri, achana na namba ya kiatu cha kutembelea. Andika kampuni, jina la kiatu, namba, na jinsi vidole vilivyokaa, kisha jozi inayofuata ilinganishe na hiyo.