Machungwa, machenza na mashine inayojifunza: hesabu ya matunda sita

Katika ujifunzaji wa mashine, hakuna anayeiandikia kompyuta kanuni ya "chungwa ni hivi, chenza ni vile". Unaipa matunda ambayo tayari unayajua majina, kisha inapopata tunda geni inalilinganisha na hayo. Njia nitakayotumia hapa inaitwa majirani wa karibu. Ni ya tangu 1951, na unaweza kuifanya kwa kalamu na kikokotoo cha simu.

Nunua machungwa matatu na machenza matatu pale Marikiti. Kwanza amua utapima nini. Wengi hukimbilia rangi, nami naiacha kabisa, kwa sababu machungwa yetu mengi huiva yakiwa bado na ganda la kijani: usiku wetu wa joto hauondoi ule ukijani. Napima uzito kwa mzani wa jikoni, na umbo kwa rula. Bana tunda kati ya vitabu viwili, pima nafasi iliyo katikati, kisha gawanya kimo (kutoka kikonyoni hadi kitakoni) kwa upana. Chungwa la mviringo hukaribia 1. Chenza lililobonyea huwa chini zaidi. Pima kwa makini: kwa tunda la upana wa milimita 70, kukosea milimita 2 tu kunasogeza umbo kwa takriban 0.03.

Tuseme umepata hivi:

```
tunda  gramu  umbo  jina
A      150    0.97  chungwa
B      180    1.00  chungwa
C      210    0.98  chungwa
D       90    0.80  chenza
E      110    0.84  chenza
F      130    0.78  chenza
```

Linakuja tunda la saba: gramu 125, umbo 0.97. Ukilishika unajua ni chungwa dogo. Mashine haina mkono, kwa hiyo inatafuta majirani watatu walio karibu na kuwapigisha kura. Umbali ni ile Pithagorasi ya sekondari: tofauti ya gramu kipeo cha pili, ongeza tofauti ya umbo kipeo cha pili, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, yaani mzizi wake. F yuko umbali wa 5, E 15, A 25. Machenza mawili, chungwa moja. Jibu: chenza. Limekosewa.

Kosa liko kwenye vipimo. Gramu zinatofautiana kwa makumi, umbo kwa sehemu ndogo za moja, hivyo uzito unalimeza umbo. Kati ya tunda hili na F, umbo linapishana kwa 0.19, pengo kubwa mno kwa matunda haya, lakini mbele ya gramu 5 halionekani hata kidogo. Tena ungepima kwa kilo badala ya gramu, majirani wangebadilika bila tunda lolote kubadilika. Hapo ndipo wanaoanza hunaswa, maana hesabu yenyewe haina kosa lolote la kuonekana.

Dawa ni kugawanya kila tofauti kwa upana wa safu yake. Gramu zinatoka 90 hadi 210, basi gawanya kwa 120. Umbo linatoka 0.78 hadi 1.00, gawanya kwa 0.22. Sasa A yuko 0.21 (25 kwa 120, na umbo halipishani), B 0.48, E 0.60, na F amerudi nyuma hadi 0.86. Kura ni mbili kwa moja: chungwa.

Kabla ya kuiamini, ijaribu, ila usiijaribu kwa tunda ambalo bado limo kwenye jedwali. Tunda hilo litajikuta lenyewe kama jirani wa umbali wa sifuri, sawa na mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani. Toa A, waulize watano waliobaki, mrudishe, toa B, na kuendelea. Data hii inapata sita kwa sita. Usishangilie; matunda sita ya kibanda kimoja hayajui lolote kuhusu ya kibanda cha pili.

Sasa weka limau la gramu 110, umbo 1.25. Majirani wake ni B, A na C: kura tatu kwa bila, chungwa! Kura kamili, jibu la uongo, kwa kuwa mashine haina jina la tatu la kutaja. Kinacholifichua limau ni umbali. Jirani wa karibu kabisa yuko 1.28, ilhali matunda halali hapa hupata jirani chini ya 0.5. Kwa hiyo weka mpaka, tuseme 0.7, na tunda lolote ambalo jirani wake wa kwanza anauvuka, liweke kando likaguliwe kwa macho.