Lazima ugombane na shefu?

"Shefu anatukana mwenzetu kila siku mbele ya watu. Kama siwezi kumukabili, si ninyamaze tu?"

Woga hiyo inaeleweka, juu hapa Bukavu kazi ni nguvu kupata. Lakini kuingilia haiombe kugombana. Tuseme ni ku depo, shefu anapigia mwenzako makelele mbele ya bakiliya: unafika na bordero, "samahani shefu, kamio inangoja sinyatire yako," na mara mingi matusi inakatika pale. Kisha unamufata mwenzako pembeni, unamuuliza anataka nini, usiende kushitaki bila yeye kukubali, juu kisasi itamuangukia yeye. Siku ile ile andika tarehe, saa, na maneno yenyewe yenye ilisemwa. Kama unaona haitoshi, uliza mutu mwenye alishaonewaka kazini ni nini ilimuumiza zaidi, wengi batakuambia ni kimya ya wenzao.