Folda "Picha" na folda "picha": herufi kubwa na ndogo katika Linux, macOS na Windows

Husemwa kwamba mfumo wa faili unatofautisha herufi kubwa na ndogo pale unapoyachukua majina `Picha` na `picha` kuwa majina mawili, ya folda mbili zinazoweza kukaa pamoja mahali pamoja. Mfumo usiotofautisha huyachukua kuwa jina moja lililoandikwa kwa namna mbili. Linux kwa kawaida iko upande wa kwanza. MacOS na Windows kwa kawaida ziko upande wa pili. Mtu anayefanya kazi peke yake kwenye kompyuta moja anaweza kumaliza miaka bila kuigundua tofauti hii, lakini mradi unaposhirikiwa hujitokeza, na mara nyingi hujitokeza mahali pabaya zaidi, yaani kwenye seva.

Kwa Linux, jina la folda ni mfuatano wa namba tu. Herufi P kubwa huhifadhiwa kama 80 na p ndogo kama 112, na mfumo wa faili wa ext4, katika mpangilio wake wa kawaida, hulinganisha namba hizo bila kujua kwamba kwa msomaji ni herufi ileile. Mifumo ya APFS ya macOS na NTFS ya Windows hufanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo chanzo cha mkanganyiko wote: hulikumbuka jina kama ulivyoliandika, na kukuonyesha hivyo hivyo, lakini likitafutwa hupuuza ukubwa wa herufi. Ukiunda `Picha`, utaiona ikiwa na P kubwa siku zote, na bado programu itakayoomba `picha` itafunguliwa folda hiyo hiyo bila onyo lolote. Kosa la tahajia linapata jibu sahihi, hivyo halionekani kuwa kosa.

Ni vizuri kutaja kwamba tabia hii ni ya diski kuliko ya mfumo endeshi. Diski ya Mac inaweza kuumbizwa kwa aina ya APFS inayotofautisha, Windows 10 tangu toleo la 1803 inaruhusu folda mojamoja iwekewe mpangilio wa kutofautisha, na flashi ya exFAT ikichomekwa kwenye Linux haitofautishi. Njia ya uhakika ya kujua ni kujaribu pale pale unapofanyia kazi:

```
mkdir jaribio
mkdir Jaribio
```

Amri ya pili ikikubaliwa, diski inatofautisha. Ikijibiwa kwamba jina hilo lipo tayari, haitofautishi.

Sasa tuchukue mradi wa tovuti unaoshirikiwa na watu wawili kwa kutumia Git. Wa kwanza anatumia Mac. Ameunda folda `Picha`, ameweka ndani yake `nembo.png`, na katika ukurasa wake ameandika `picha/nembo.png`. Kwake nembo inaonekana. Anapeleka mradi kwenye seva ya Linux, na hapo seva inajibu 404, kwa sababu kwenye diski ya seva hakuna kitu kinachoitwa `picha`. Dalili ya tatizo hili ni hiyo hasa: faili unaiona kwa macho yako, njia yake inasomeka sawa, na mashine moja inaipata huku nyingine ikiikana.

Akishagundua, anafanya ambalo wengi tungefanya: anabadilisha jina la folda kwenye Finder liwe `picha`, kisha anauliza `git status`. Git inamwambia hakuna kilichobadilika. Sababu ni kwamba Git ina orodha yake ya njia za faili, na ndani ya orodha hiyo njia ni `Picha/nembo.png`, kwa P kubwa. Mradi unapoanzishwa au kunakiliwa, Git huichunguza diski, na ikikuta haitofautishi herufi huweka mpangilio `core.ignorecase` kuwa `true`. Baada ya hapo, ikiitafuta `Picha/nembo.png` diski inaipa faili iliyomo ndani ya `picha`, nayo inaridhika. Kwa hiyo jina la folda sasa lipo katika sehemu tatu, yaani kwenye diski, kwenye orodha ya Git na ndani ya msimbo, na mbili zinakubaliana huku ile ya katikati, ambayo ndiyo inayosafiri kwenda kwa wengine, ikibaki na jina la zamani.

Mwenzake anatumia Linux. Anaona msimbo unataja `picha`, anaunda folda hiyo, na kuweka humo `ramani.png`. Kwake sasa kuna folda mbili. Yule wa Mac akivuta mabadiliko anaona folda moja yenye faili zote mbili, na wakizungumza kila mmoja anaeleza kwa ukweli kitu ambacho mwenzake hakioni. Git haimwonyi mtu yeyote hapa. Tangu toleo la 2.20 hutoa onyo wakati wa kunakili mradi iwapo faili mbili zinagongana majina, kama inavyotokea ukinakili msimbo wa kiini cha Linux kwenye Mac ya kawaida, kwa kuwa ndani yake zimo `xt_DSCP.h` na `xt_dscp.h`. Lakini `nembo.png` na `ramani.png` hazigongani. Zilizogongana ni folda zake, na hizo huunganishwa kimya kimya.

Wako wanaoshauri kubadilisha `core.ignorecase` iwe `false` kwenye Mac. Sikubaliani nao. Mpangilio huo unaieleza Git diski ilivyo, na kuubadilisha hakuibadilishi diski. Git itaiona `picha/nembo.png` kuwa faili mpya huku ikiendelea kuamini kwamba `Picha/nembo.png` ipo, na ukiongeza zote kwa haraka unasajili faili moja mara mbili, ukizalisha zile folda mbili ulizokuwa unazikimbia.

Kama folda bado ni moja ndani ya Git, irekebishe kwenye Mac au Windows kwa kupitia jina la muda, kwa sababu kubadilisha moja kwa moja kwa `git mv` kutoka `Picha` kwenda `picha` hukwama: Git hudhani unataka kuiingiza folda ndani yake yenyewe.

```
git mv Picha picha_muda
git mv picha_muda picha
```

Kama zimekwisha kuwa mbili, ifanye kazi hiyo mtu mwenye Linux, ambaye diski yake inazionyesha zote mbili kama zilivyo. Ahamishe faili moja moja kutoka `Picha` kwenda `picha` kwa `git mv`, kisha asajili badiliko. Ili kujua kama mradi una jozi nyingine za aina hii, amri ifuatayo huorodhesha folda zilizosajiliwa ambazo majina yake yanatofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Isipotoa kitu, hakuna:

```
git ls-tree -rd --name-only HEAD | sort -f | uniq -di
```

Baada ya wenye Mac na Windows kuvuta marekebisho, huenda folda ikaendelea kuonekana kwao kama `Picha`, kwa kuwa diski imelishika jina la mwanzo na folda haikufutwa kamwe. Hapo waibadilishe kwa mkono kupitia jina la muda. Safari hii kimya cha Git ni sahihi, kwa sababu jina lililomo katika orodha yake tayari ni lile linalotajwa na msimbo.