“Dawa inafuta alama”: hapana, haifuti

Nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii aliyeisema ni daktari mwanafunzi, mbele yangu, akimweleza mgonjwa kitandani: “Mzee, kuna jeni yako imefungwa kwa methili. Dawa hii inakwenda kuzifuta, kisha jeni inafunguka.” Mzee akaitikia kwa kichwa. Wiki tatu baadaye akarudi na karatasi ya vipimo mkononi, chembe sahani zimeshuka kuliko alipoanza, na swali moja: “Daktari, kwani imeshindwa kufuta?”

Mzee ana MDS, yaani uboho wake unatengeneza seli za damu zisizokomaa vizuri. Dawa ni azasitidini. Swali lake lilikuwa la haki kabisa kwa mtu aliyeambiwa kuna kifutio, maana kifutio hufanya kazi papo hapo.

Dhana: alama ikishawekwa imekaa, na dawa huja kuikwangua

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kudhani kwamba methili, kile kikundi kidogo cha kemikali kinachopachikwa juu ya DNA, hukaa yenyewe kama muhuri kwenye cheti. Haikai. Kila seli inapojiandaa kugawanyika hunakili DNA yake yote, na mashine ya kunakili haijui methili ni nini. Inasoma herufi nne tu. Saitosini, yaani herufi C, iwe na methili au isiwe nayo, kwake ni saitosini, basi.

Methili hukaa hasa pale saitosini inapofuatwa na guanini, herufi G, pahali tunapopaandika CpG. Uzuri wa pahali hapo ni kwamba uzi wa pili wa DNA nao, ukisomwa kwa upande wake, unasema CpG vilevile. Kwa hiyo jeni iliyonyamazishwa ina methili kwenye nyuzi zote mbili, zikitazamana. Nyuzi zinapoachana ili kunakiliwa, kila seli mpya hupata uzi mmoja wa zamani wenye methili na mmoja mpya mtupu. Alama imebaki nusu.

Hapo ndipo wanaingia wafanyakazi wawili ambao wanafunzi wangu huwakariri bila kuwafikiria. Protini iitwayo UHRF1 hutambua CpG yenye methili upande mmoja tu, hukaa pale, na kumwita DNMT1, kimeng'enya kinachoweka methili kwenye uzi mpya mkabala na ile ya zamani. Pahali palipokuwa na methili panarudishiwa, palipokuwa patupu panaachwa patupu. Ndiyo maana seli ya ini huzaa seli ya ini. Wazo la kimeng'enya cha namna hii lilitolewa mwaka 1975, na Arthur Riggs kwa upande mmoja, Robin Holliday na John Pugh kwa upande mwingine, miaka mingi kabla DNMT1 haijajulikana.

Kwa hiyo ukimya wa jeni si hali, ni kazi. Unafanywa upya kila seli inapogawanyika.

Kosa la pili ni kuhusu dawa yenyewe. Azasitidini na ndugu yake desitabini hazigusi methili hata moja iliyokwisha kuwekwa. Ni saitosini bandia: pale penye kaboni ya tano, ambapo methili ingepachikwa, zina naitrojeni. Seli inayonakili DNA huzichukua kwa kudhani ni saitosini za kawaida na kuzishona kwenye uzi mpya. (Sehemu kubwa ya azasitidini huishia kwenye RNA; inayofika kwenye DNA ni kiasi kidogo. Desitabini yote huenda kwenye DNA.) DNMT1 akija kuweka methili hushikamana na saitosini hiyo na hawezi kujinasua. Seli humwona kama kizuizi, humvunjavunja, na akiba yake huisha. Dawa haikufuta alama, imemnasa mwandishi.

Sasa tuhesabu, maana hesabu hii ndiyo huwa namchorea mgonjwa mgongoni mwa karatasi ya vipimo. Chukua seli moja na CpG moja, kwenye nakala moja ya jeni, nyuzi zote mbili zina methili. Tuseme DNMT1 ameondoka kabisa. Baada ya mgawanyiko wa kwanza kuna seli mbili, kila moja ina methili upande mmoja. Baada ya wa pili kuna seli nne: mbili zina nusu alama, mbili hazina kitu. Baada ya wa tatu, seli nane: mbili bado zina nusu, sita ni tupu. Methili za mwanzo bado zipo zote mbili, hakuna aliyezifuta. Ila sasa zimo kwenye nyuzi 16, kutoka asilimia 100 hadi 12.5. Ni chumvi ileile ndani ya maji yanayozidi kuongezwa.

Mambo yote yaliyomtatiza yule mzee yamo ndani ya hesabu hiyo. Dawa inahitaji seli zinazogawanyika; seli iliyotulia siku ile dripu au sindano inapoingia haipati kitu. Ndiyo maana azasitidini hutolewa siku 7 mfululizo katika mzunguko wa siku 28, miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, ili kila siku izikute seli nyingine zikinakili DNA. Dozi kubwa zaidi si bora zaidi: ukiua seli au ukizizuia kugawanyika, hakuna maji yanayoongezwa na chumvi inabaki palepale. Na katika mizunguko ya mwanzo hesabu ya seli za damu mara nyingi hushuka kabla ya kupanda, kwa sababu seli nyingine zinakufa kweli. Mimi husema siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya fomu: usiihukumu dawa hii kabla ya mzunguko wa sita, isipokuwa ugonjwa unasonga mbele waziwazi au mwili umeikataa. Wengi wanaopata nafuu huwa wameipata kufikia mzunguko wa sita, na anayeacha mapema huenda asiifikie.

Kwenye maabara unaweza kuona jambo hili kwa macho. Ukitibu DNA kwa kemikali iitwayo bisulfaiti, saitosini tupu hugeuka yurasili na kusomwa kama thaimini, lakini yenye methili hubaki saitosini. Ukisoma promota, yaani sehemu ya kuwashia, ya jeni CDKN2B, ambayo mara nyingi hukutwa imefungwa katika MDS, unahesabu tu ni nakala ngapi kati ya mia zimebaki na C. Katikati ya mzunguko utaona hesabu imeshuka; karibu na siku ya 28 inaanza kupanda tena, kwa sababu dawa imeisha, DNMT1 wapya wametengenezwa, na seli ambazo hazikuguswa zinaendelea kuzaana. Lakini kuwa mwangalifu. Bisulfaiti isipofanya kazi kikamilifu, saitosini tupu hubaki C na utadhani ni methili. Tazama saitosini zisizofuatwa na guanini: katika damu karibu zote zinapaswa kuwa zimegeuka. Kama hazijageuka, tupa matokeo, usinipigie simu.

Najua atatokea mtu wa kusema: “Na vimeng'enya vya TET je? Si vinafuta?” Vipo, na vinabadilisha methili kuwa umbo jingine ambalo DNMT1 hulitambua kwa shida, kisha linapungua kwa mgawanyiko au linaondolewa na fundi wa DNA. Lakini hiyo ni kazi ya seli, si ya dawa hii. Tena katika MDS jeni ya TET2 ni miongoni mwa zinazoharibika mara nyingi.

Dhana: histoni nazo hunakiliwa vivyo hivyo

Hapana, na tofauti ina maana. Histoni ni protini ambazo DNA hujizungushia, nazo hazina uzi wa pili wa kutazamia. DNA inaponakiliwa, histoni H3 na H4 za zamani hugawiwa kwa nakala zote mbili, karibu na pale zilipokuwa, na mapengo hujazwa na histoni mpya zisizo na alama. Chukua alama ya ukimya H3K27me3, methili tatu kwenye lisini iliyo nafasi ya 27 ya histoni H3. Kikundi cha protini kiitwacho PRC2 kina mkono mmoja, EED, unaoshika alama ya zamani, na mwingine, EZH2, unaoandika alama kwa jirani. Kusoma na kuandika kwa pamoja. Kazi hii huenda polepole, na alama huchukua muda mrefu kurudi kiasi chake kuliko methili ya DNA.

Je, inatosha yenyewe? Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti waliokuwa wakitumia nzi wa matunda walikata kile kipande cha DNA kinachomwita PRC2, wakaacha histoni na alama zake palepale. Alama zikapungua mgawanyiko baada ya mgawanyiko, na jeni ikaamka. Kwa nzi, basi, bila anwani ndani ya DNA msomaji-mwandishi anachelewa, na maji yanamshinda.

Dhana: jeni iliyonyamazishwa imeharibika

Herufi zake ni zilezile. Mwaka 1980 Peter Jones na Shirley Taylor walionyesha kwamba seli za kiinitete cha panya zilizopewa azasitidini kwa muda mfupi hupoteza methili na hugeuka, baada ya kugawanyika, kuwa seli za misuli. Jeni za misuli zilikuwemo nzima muda wote.

Dhana: vidonge vya foliki vitazidisha methili na kuifunga jeni, au vitaifungua

Nimeulizwa pande zote mbili, tena na mtu mmoja. Foliki husaidia kutengeneza akiba ya methili ya seli nzima, haichagui jeni. Mahali pa kuweka huchaguliwa na UHRF1 na wenzake. Kama damu yako ina upungufu wa foliki tutakupa foliki. Kama haina, weka pesa yako mfukoni.

Dhana: watoto wangu watazaliwa na jeni hii imefungwa

Methili hizi ziko kwenye seli za uboho, na uboho hauzai watoto. Hata kwenye mbegu na yai, sehemu kubwa ya methili huondolewa seli hizo zinapotengenezwa, kisha tena baada ya kutunga mimba, zikibaki chache kama za jeni zenye chapa ya baba au ya mama. Kinachoweza kurithiwa ni badiliko la herufi zenyewe, na hilo hupimwa kwa kipimo kingine.

Yule mzee nilimchorea seli nane. Aliitazama karatasi kwa muda, akaweka kidole kwenye zile mbili zenye nusu alama, akauliza: “Na hizi?” Nikamwambia hizo ndizo sababu ya mzunguko wa pili.